Somo la Leo: Sauti Ipitayo Juu ya Ukuta

Tuseme redio ya sebuleni inamwamsha mtoto chumbani, ingawa ukuta ni mnene. Sababu ni nini? Katika nyumba nyingi za bati, ukuta wa kati huishia chini ya kenchi, na sauti hupita juu yake.

Usiku washeni taa sebuleni, mzime ya chumbani. Mwanga upenyapo, sauti nayo hupenya. Pandisheni ukuta kwa tofali mpaka kwenye bati, mzibe nyufa kwa saruji. Dari nyembamba peke yake haitoshi. Hapo ndipo unene hufaa: tofali lililolazwa huzuia sauti kuliko lililosimamishwa. Mwisho, chini ya mlango pigilieni kipande cha mpira.