Simu imeibwa, hatujui na nani

Mtu akikwambia, "Simu imeibwa, lakini hatujui na nani," unamwelewa papo hapo: anamuulizia mwizi. Sasa sikiliza hii: "Mtu ameiba simu, lakini hatujui na nani." Tukio ni lilelile na maneno ya mwisho ni yaleyale, ila swali limegeuka. Sasa anayetafutwa ni mshirika, yule aliyeiba pamoja na mwizi.

Kuacha maneno ambayo msikilizaji atayajaza mwenyewe huitwa udondoshaji. Aina hii, ambapo swali zima hudondoshwa na kubaki kiulizi tu, ilichambuliwa mwaka 1969 na mwanaisimu Mmarekani John Robert Ross. Mjadala mkubwa tangu hapo ni huu: maneno yaliyodondoshwa yafanane kwa kiasi gani na yale yaliyotangulia?

Jibu jepesi ni kwamba maana ikilingana, inatosha. Mfano wetu unalikataa. "Mtu ameiba simu" na "simu imeibwa na mtu" zina maana moja, lakini ya kwanza haikuruhusu ujaze "imeibwa" mbele ya "na nani". Unalazimika kujaza "ameiba", na "ameiba na nani" ni swali la mshirika. Kauli ya kutenda haijazi pengo la kauli ya kutendwa. Mwanaisimu Jason Merchant ameeleza sababu: katika aina hii kinachodondoshwa ni kikubwa kiasi cha kubeba kauli yenyewe ya kitenzi, kwa hiyo kauli nayo lazima ilingane.

Je, basi kila kiambishi kilingane? Hapana. Tazama aina nyingine, ambapo kitenzi cha sentensi ya pili ndicho kinachodondoshwa: "Mimi nilinunua mchele, na Asha unga." Kilichoachwa ni "alinunua", wala si "nilinunua". Nafsi imebadilika na hakuna anayekwama, kwa sababu kiambishi cha nafsi hufuata mtenda aliyetajwa, na Asha ametajwa. Lakini jaribu: "Mimi nilinunua mchele jana, na Asha unga kesho." Hapo sikio linagoma. Njeo ya "-li-" haiwezi kujazwa kama "-ta-", kwani neno "kesho" peke yake haliubadilishi wakati uliokwisha kutajwa.

Hata masharti yote yakitimia, huenda pengo likajazika kwa njia mbili. "Asha alimpa Juma kitabu, na Neema kalamu." Je, Neema alimpa Juma kalamu, au Asha ndiye aliyempa Neema? Kitenzi kinapatikana bila shida; kinachokosekana ni nafasi ya Neema ndani yake. Katika mazungumzo mkazo wa sauti na muktadha husaidia. Kwenye wosia au mkataba hakuna sauti, kwa hiyo andika kitenzi chote: "naye Neema alimpa Juma kalamu."