Hisa Imepanda, Mbona Koli Yangu Imeshuka?

Kuna malalamiko yanayosikika sana kwa watu walioanza karibuni kununua opsheni za hisa za Marekani. Mtu kanunua koli akiamini hisa itapanda, na hisa ikapanda kweli. Anafungua simu kuangalia akaunti yake, anakuta koli ile ina thamani ndogo kuliko aliyoilipia. Wa kwanza kushukiwa huwa ni dalali, na safari hii anaonewa. Jibu liko kwenye safu mbili za tarakimu zilizokuwa mbele ya macho ya mnunuzi tangu siku aliyobonyeza kitufe cha kununua: Delta na Theta.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Hisa ya kampuni fulani inauzwa dola 100. Haitoi gawio kwa sasa, na soko linakadiria kwamba bei yake huyumba kwa asilimia 30 kwa mwaka. Riba nimeiacha sifuri ili isituchafulie hesabu. Unanunua koli ya bei ya mkataba ya dola 105, iliyobakiza siku 30. Kwa fomula ya Fischer Black na Myron Scholes, iliyochapishwa mwaka 1973, mwaka uleule soko la opsheni la Chicago lilipofunguliwa, koli hiyo ina thamani ya dola 1.57. Mkataba mmoja unabeba hisa 100, kwa hiyo mfukoni zinatoka dola 157.

Delta ya koli hii ni 0.30. Maana yake ni kwamba hisa ikipanda dola moja sasa hivi, koli itapanda kwa takriban senti 30, na hisa ikishuka dola moja, koli itashuka kwa kiasi kama hicho. Kwa mkataba mzima, ni kana kwamba umeshika hisa 30. Puti ya bei hiyohiyo ya mkataba na tarehe hiyohiyo ina delta ya -0.70. Alama ya kutoa ni kwa sababu puti hunufaika bei inaposhuka, na ukiziweka pamoja 0.30 na 0.70 bila kujali alama unapata moja kamili, yaani hisa nzima.

Wauzaji wengi wa kozi za opsheni husema delta ni uwezekano wa opsheni kumaliza ikiwa na faida ndani yake. Ni makadirio yanayofaa kwa haraka, ila si sahihi. Katika mfano wetu delta ni 0.30, ilhali fomula ileile inasema uwezekano wa hisa kufunga juu ya dola 105 ni kama asilimia 27. Tena, kufunga juu ya 105 hakujakurudishia pesa zako. Ukiishikilia koli mpaka mwisho, hisa inatakiwa kufika dola 106.57 ndipo urudishe ulichotoa, na uwezekano wa hilo ni mdogo zaidi.

Sasa theta. Kwa koli yetu ni -0.05, yaani kila siku moja ikipita huku mengine yote yakibaki palepale, koli inapungua kwa senti 5, ambazo kwa mkataba mzima ni dola 5. Ni kama kodi ya chumba: ulale ndani usilale, siku inahesabiwa. Koli iliyo juu ya bei ya soko, kama hii ya 105, haina thamani yoyote ya kushikika leo, maana hakuna mwenye akili atakayetumia haki ya kununua kwa 105 kitu kinachouzwa 100. Dola 1.57 zote ni malipo ya muda, yaani nafasi kwamba ndani ya siku 30 mambo yatabadilika. Siku zikipungua, nafasi inapungua, na bei inaifuata.

Hapo ndipo namba mbili zinapokutana. Gawa theta kwa delta: senti 5 kwa 0.30 unapata kama senti 17. Hisa inatakiwa kupanda takriban senti 17 kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwamo kwenye hesabu, ili koli ibaki pale ilipo. Kupanda ni lazima kwanza kulipe kodi, ndipo kinachobaki kiwe chako.

Tujaribu njia mbili za kupanda kwa dola 3. Katika njia ya kwanza hisa inaruka kutoka 100 hadi 103 asubuhi hiyohiyo uliyonunua. Delta ya 0.30 inakuahidi senti 90, lakini koli inafika dola 2.66, yaani imepanda dola 1.09. Ziada imetoka wapi? Delta yenyewe imekua njiani. Hisa inapokaribia bei ya mkataba, koli inaanza kuisikia zaidi, na ilipofika 103 delta ilikuwa imeshapanda hadi 0.43. Dola 157 zimekuwa 266, na siku haijaisha.

Katika njia ya pili hisa inapanda kiasi kilekile cha dola 3, ila inajikokota na kuchukua siku 20. Koli sasa ina thamani ya dola 1.21. Hisa imepanda asilimia 3, wewe umepoteza asilimia 23. Ukifanya hesabu ya haraka kwa namba za siku ya kwanza, senti 90 za kupanda ukitoa dola moja ya kodi ya siku 20, ungetegemea koli iwe dola 1.47. Pengo la senti 26 linatokana na kwamba delta na theta ulizoziona siku ya kununua zilikuwa picha ya siku hiyo tu. Theta imekwenda ikipanda, na siku ya 20 inakaribia senti 10 kwa siku. Delta nayo, ambayo ilifika 0.43 mara moja katika njia ya kwanza, hapa imeishia 0.36.

Hilo la mwisho wengi hawalijui, nami naona ndilo lenye madhara zaidi: muda hauli bei peke yake, unakula delta pia. Hisa ikibaki palepale kwenye 100 kwa siku zote 20, delta ya koli yetu inashuka kutoka 0.30 hadi 0.17, na bei yake inabaki senti 44. Mnunuzi anayesema «nitasubiri, habari nzuri zinakuja» anashika kitu ambacho hata habari zikija hakitazisikia kama zamani. Dola moja ya kupanda iliyokuwa inamletea dola 30 kwa mkataba sasa inaanza na dola 17.

Mwendo wa kupungua unaonekana vizuri zaidi kwenye koli ambayo bei yake ya mkataba ni sawa na ya soko. Kwa hisa yetu ya dola 100, koli ya 100 yenye siku 30 ina thamani ya dola 3.43. Ikibaki na siku 20 ni 2.80, ikibaki na siku 10 ni 1.98, na siku ya kuisha ni sifuri, kama hisa haijasogea. Siku kumi za kwanza zimekula senti 63, za kati 82, za mwisho zimekula karibu dola mbili. Sababu ni kwamba umbali ambao bei inaweza kusafiri haukui sambamba na siku, unakua kwa kipeo cha pili cha siku hizo kikigeuzwa kinyume, yaani kwa mzizi wake. Ndiyo maana koli ya siku 120 haiwi na bei mara nne ya hii ya siku 30. Ni mara mbili tu. Anayenunua muda mrefu anaupata kila siku kwa bei nafuu, na anayenunua wiki ya mwisho analipia ghali kuliko wote, japo jumla anayotoa inaonekana ndogo.

Basi mtu akiwa na uhakika wa mwelekeo lakini hana uhakika wa lini, afanye nini? Aangalie upande wa pili wa orodha. Koli ya bei ya mkataba ya dola 90, kwa hisa ileile na siku zilezile 30, inauzwa dola 10.43. Dola 10 kati ya hizo ni thamani ya kushikika, muda ni senti 43 tu. Delta yake ni 0.90 na theta ni kama senti 2.6. Ukigawa, hisa inatakiwa kupanda chini ya senti 3 kwa siku kulipa kodi. Hisa ikijikokota mpaka 103 kwa siku 20, koli hii inafika dola 13.01, faida ya asilimia 25 katika njia ileile iliyomuumiza mwenye koli ya 105. Gharama yake ni kwamba unatoa dola 1,043 badala ya 157, na hisa ikianguka hadi 90 siku ya mwisho, zote 1,043 zimekwenda. Urahisi wa koli ya 105 ni wa kweli. Ndio unaowavuta watu.

Mambo mawili yanaharibu hesabu hizi kwenye soko halisi. Moja ni IV, kadirio la soko la kuyumba kwa bei, ambalo mimi nimelishikilia kwenye asilimia 30 mwanzo hadi mwisho. Huwa linapanda kampuni inapokaribia kutangaza matokeo ya robo mwaka na kuporomoka mara tangazo linapotoka, hivyo koli inaweza kupoteza kwa usiku mmoja kuliko theta ilivyosema, hata kama matokeo ni mazuri. La pili ni Ijumaa. Wapo wanaodhani watauza opsheni Ijumaa jioni na kuvuna kodi ya siku mbili bure soko likiwa limefungwa. Wanaopanga bei wanaijua kalenda kama wao, na mara nyingi wikiendi imeshaanza kukatwa kwenye bei kabla kengele ya kufunga haijalia.

Na wauzaji wa opsheni, ambao theta inawalipa wao? Siku ya mwisho ndiyo inayowatoa jasho. Koli ya 100 iliyobakiza siku moja ina delta ya 0.26 hisa ikiwa 99, na 0.74 ikiwa 101. Dola mbili za kutikisika, jambo la kawaida la mchana mmoja, zinamfanya muuzaji aliyekuwa na deni la hisa 26 awe na deni la hisa 74. Akitaka kujikinga ananunua hisa bei ikipanda na kuziuza ikishuka, kila mara kwa hasara kidogo, huku senti 63 alizoanza nazo asubuhi zikipungua mkononi mwake.