Urefu wa fishabodi na dari ya upenu

Kwenye paa la migongo minne, fishabodi hufuata ncha za kenchi, si ukuta. Upenu hupimwa kwa mlalo, kutoka uso wa nje wa ukuta, si kwa kufuata mteremko. Kila upande hurefuka kwa upenu mara mbili, hivyo mzingo huongezewa upenu mara nane.

Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina mzingo wa mita 36. Upenu wa mita 0.6 huongeza 4.8, na fishabodi hufikia mita 40.8. Dari bapa ya upenu hupimwa katikati ya upana wake: 36 + 2.4 = mita 38.4. Ikizidishwa kwa 0.6, eneo ni mita za mraba 23.04. Kosa la kawaida ni kununua mita 36 tu. Kwenye kila kona hupungua mita 1.2.