Polinomia Moja, Matriksi Mbili Tofauti

Tazama matriksi mbili. A ina safu [2, 0] na [0, 2]. B ina safu [2, 1] na [0, 2]. Polinomia bainifu ya kila moja ni (x − 2)², lakini A tayari ni ya ulalo, na B haiwezi kugeuzwa kuwa ya ulalo kwa njia yoyote. Tofauti hiyo huonekana kwenye polinomia ndogo kabisa: ile ya kipeo cha chini zaidi ambayo, ukiweka matriksi mahali pa x, hutoa sifuri.

Tujaribu x − 2. A − 2I ni sifuri, basi A imetosheka. B − 2I inabakiza 1 pembeni. Ni mpaka tuizidishe kwa yenyewe ndipo sifuri ipatikane. Polinomia ndogo ya B ni (x − 2)², yenye mzizi 2 uliojirudia.

Kanuni ni hii: katika namba changamano, matriksi hugeuzwa kuwa ya ulalo ikiwa, na ikiwa tu, polinomia yake ndogo haina mzizi unaojirudia. Kwa hiyo chukua kila kigawo cha polinomia bainifu mara moja tu, weka matriksi, zidisha. Jibu likiwa sifuri, inawezekana. Lisipokuwa sifuri, haiwezekani.