Kosa la kalamu katika amri yenye muhuri: je, kulirekebisha ni kufungua kesi upya?

SWALI: Mimi ni msahihishaji prufu, kazi yangu iko Makorora, Tanga. Jamaa zangu wa Wete, Pemba, wameniletea dikrii ya Mahakama Kuu kuhusu fedha za nyumba ya marehemu baba yao iliyouzwa huku Tanga. Hesabu haziendi sawa. Je, niisahihishe kwa kalamu? Na tukirudi mahakamani, je, kesi itaanza upya?

JIBU: Ndugu muulizaji, kalamu yako usiitie kabisa katika karatasi hiyo. Nakala yenye muhuri ikibadilishwa nje ya mahakama, hata kwa nia njema, mtu aweza kushitakiwa kwa kughushi. Wa kuirekebisha ni mahakama yenyewe, na sheria imempa njia fupi ya kufanya hivyo.

Kawaida, hakimu au jaji akishatoa hukumu, kazi yake katika shauri hilo imekwisha. Hawezi kubadili mawazo kesho yake. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania Bara, Sura ya 33, inaruhusu makosa ya kuandika, ya hesabu, na yale yaliyotokea kwa kuteleza au kusahau bila kukusudia, yarekebishwe wakati wowote. Mahakama inaweza kufanya hivyo yenyewe, au kwa kuombwa na upande wowote.

Mpaka wake uliwekwa wazi mwaka 1966 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika shauri la Lakhamshi Brothers dhidi ya Raja & Sons. Marekebisho hufanywa pale tu mahakama inaporidhika kwamba inatimiza kile ilichokusudia siku ya hukumu. Kama ni jambo lililosahauliwa, pasiwe na shaka yoyote kuhusu amri ambayo ingetolewa lau lingekumbukwa. Basi swali la kujiuliza ni hili: je, karatasi inasema kinyume cha alichoamua jaji, au jaji ndiye aliyeamua vibaya?

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Fedha ni shilingi 40,000,000. Hukumu inasema mke apate thumuni, yaani 5,000,000, kila mtoto wa kiume 14,000,000, na wa kike 7,000,000. Lakini dikrii imemwandikia mtoto mmoja wa kiume 41,000,000. Jumlisha: mafungu yanafika 67,000,000, nayo mali ni 40,000,000. Ziada ni milioni 27, na 27 inagawanyika kwa 9. Wewe wa prufu unaijua alama hiyo: tarakimu mbili zinapobadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 daima. Hilo ni kosa la kalamu, na ushahidi wake umo ndani ya hukumu yenyewe.

Sasa tuseme baadaye akatokea mama wa marehemu, aliye hai, ambaye hakutajwa kabisa katika kesi. Kisheria ana sudusi, na mafungu yote yangebadilika. Dhulma inaonekana, lakini hili si kosa la kalamu, kwa sababu jaji hakulisikia wala hakuliamua. Njia yake ni mapitio, ambayo kwa kawaida huombwa ndani ya siku 30, au rufaa. Akileta hoja hiyo kwa jina la kurekebisha maandishi, atakataliwa.

Kwa hiyo, kwanza waombe jamaa zako nakala ya hukumu, kwani dikrii peke yake haitoshi. Amri ya 20 ya sheria hiyo inataka dikrii ilingane na hukumu. Linganisha namba ya shauri, majina, kiasi na namba ya kiwanja, neno kwa neno. Jihadhari na tarehe: dikrii hubeba tarehe iliyosomwa hukumu, hata kama imetiwa saini wiki kadhaa baadaye. Wasahihishaji wengi hulihesabu hilo kuwa kosa, nalo ndilo sahihi.

Kisha orodhesha kila tofauti: ukurasa, mstari, kilichoandikwa, na kinachosomeka katika hukumu. Jamaa zako au wakili wao wapeleke maombi katika mahakama ileile iliyotoa dikrii, wakiambatisha nakala zote mbili na hati ya kiapo, na upande wa pili upewe nakala. Mahakama ikiridhika, hutoa dikrii iliyorekebishwa. Mgao unabaki uleule ulioamuliwa. Mpaka itoke, wasimpe mtu fedha kwa kufuata ile tarakimu ya 41,000,000.

Wallahu aalam.