Barua ya Kwanza ya Krismasi kwa Rafiki wa Kalamu

Barua ya kwanza ya Krismasi kwa rafiki wa kalamu huandikwa na mtoto ambaye bado hamjui anayemwandikia, kwa hiyo hubeba mambo mawili tu: sikukuu ilivyo nyumbani kwake, na maswali machache kuhusu sikukuu ya mwenzake. Ukurasa mmoja unatosha. Mfano mzuri ni wa mtoto wa darasa la tano wa Dar es Salaam, mwenye asili ya Kilimanjaro, anayemwandikia mtoto wa rika lake Stockholm, Uswidi.

Kosa la kawaida katika sehemu ya kwanza ni kueleza Krismasi kwa maneno yanayofaa nchi yoyote: tunakwenda kanisani, tunakula vizuri, tunafurahi. Mtoto wa Stockholm naye hula na kufurahi. Asichokijua ni kwamba Desemba familia nyingi za Wachaga hufunga nyumba zao mjini, hupanda basi alfajiri na kushinda njiani kutwa nzima hadi Moshi, kwa sababu Krismasi huliwa kwa bibi na babu. Rasimu huanza kwa Kiswahili, kisha mwalimu husaidia kuiweka katika Kiingereza, lugha ambayo watoto wa Uswidi nao hujifunza shuleni tangu madarasa ya chini. Inaweza kuwa hivi:

"Rafiki mpendwa, hujambo? Mimi nina miaka kumi na mmoja. Desemba huku kwetu ni joto sana. Tutakwenda Moshi kwa bibi. Baba na baba zangu wadogo watachinja mbuzi, na bibi atapika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Binamu wote tunalala chumba kimoja, kwa hiyo hatulali mapema. Nimesoma kwamba kwenu tarehe 13 Desemba msichana huvaa taji la mishumaa. Anachaguliwaje? Mishumaa ni ya kweli? Na jua likizama mapema hivyo, mnacheza wapi? Heri ya Krismasi!"

Mtori umeelezwa papo hapo, kwa maneno machache. Saa ndizo zinazoponyoka katika kutafsiri. Basi la saa kumi na moja alfajiri linapoandikwa kwa Kiingereza kama saa 11 asubuhi, msomaji wa Stockholm huelewa kwamba safari ilianza karibu na adhuhuri. Kwa hesabu ya kwao hiyo ni saa 5.

Maswali yanahitaji uangalifu zaidi. "Je, mnasherehekea Krismasi?" hujibiwa kwa neno moja, na barua ya pili huwa imekufa kabla haijazaliwa. Swali lenye uhai hutokana na jambo dogo ambalo mtoto amelisoma au kulisikia. Siku ya Lucia, tarehe 13 Desemba, ni moja ya hayo: msichana wa mbele huvaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na taji la mishumaa, huku wenzake wakimfuata wakiimba, na watu hula mikate midogo ya zafarani. Giza ni jingine. Desemba jua la Stockholm huzama kabla ya saa tisa alasiri kwa saa za Kiswahili, jambo gumu kuaminika kwa mtoto aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na ushei. Maswali matatu yanatosha. Yakifika kumi, barua hugeuka dodoso. Maombi ya zawadi hayana nafasi humo, maana humtia mwenzake deni kabla ya urafiki.

Bahasha nayo ina desturi zake. Mtoto wa Tanzania hupokea barua kupitia sanduku la posta, mara nyingi la shule, hivyo anwani yake ya kurudishia huwa na jina, darasa, shule na S.L.P. Barua za Uswidi hufikishwa nyumbani, na anwani yake huwa na jina la mtaa, namba ya nyumba, kisha msimbo wa posta wa tarakimu tano na jina la mji. Mstari wa mwisho ni jina la nchi kwa herufi kubwa: SWEDEN. Fedha taslimu hazitiwi ndani.

Barua ya ng'ambo yaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo mwanzoni mwa Novemba ni wakati mwafaka wa kuituma. Ikichelewa hadi Januari bado si hasara, kwani kwa mila ya Uswidi Krismasi humalizika tarehe 13 Januari, Siku ya Knut, mti unapovuliwa mapambo. Rasimu ya Kiswahili hubaki daftarini, maana majibu yakifika baada ya miezi miwili, mtoto huwa ameshasahau aliuliza nini.