Kwa Nini Zoni ya Dimandi Huvunjika Wakati Umeiamini Kabisa

Kama umekaa na mbogi ya kutredi, iwe ni Kitale karibu na steji ama pale Kanduyi, Bungoma, hii stori unaijua. Msee anafungua chati ya dhahabu kwa simu, anaonyesha mahali bei imegusa mara nne na kurudi juu, halafu anasema, "Hapa haiwezi vunjika, imetesti mara nne!" Anaweka doo yote. Siku mbili baadaye akaunti imechomeka na jamaa anakwambia soko ina wenyewe.

Lakini mara nne ndio ilikuwa shida yenyewe. Kuelewa mbona, tuachane na chati kidogo twende kwa mahindi.

Wacha tuseme kuna broka Kitale anataka gunia 1,000 za kilo tisini, na bei yake ni 3,500, hapandi hata shilingi. Wakulima wanakuja na gunia 300 kwa hiyo bei. Anachukua zote. Wanunuzi wengine wanaona mzigo umeisha chap chap, wanaanza kuongeza bei, na ndani ya siku mbili gunia imefika 4,000. Broka wetu amebaki na pengo la gunia 700. Hajaondoka. Anangoja tu, doo iko mfukoni.

Bei ikirudi 3,500 baada ya wiki mbili, anachukua 400 na bei inaruka tena. Ikirudi mara ya tatu, anachukua 250. Sasa amebakisha gunia 50 tu. Halafu kuna siku malori ya mahindi ya Uganda yanaingia kupitia Lwakhakha na Suam, gunia 200 zimetua, na kila mtu anasema usijali, 3,500 haijawahi vunjika. Broka anachukua zake 50, anafunga hesabu, anaenda nyumbani. Zile 150 zimebaki bila mnunuzi. Bei inateleza 3,400. Na wale walionunua kwa 3,500 wakaficha kwa stoo wakingoja ipande, wakiona 3,400 wanaogopa na kumwaga zao pia. Hapo ndio inaenda 3,200 kwa kishindo.

Basi hiyo 3,500 ndio wasee wa chati wanaita zoni ya dimandi. Ni mahali ambapo wanunuzi walizidi wauzaji mpaka bei ikatoka mbio, na tunabahatisha kwamba kuna oda zilibaki hapo hazijajazwa. Zoni ya saplai ni hiyo hiyo kichwa chini: wauzaji walizidi, bei ikaporomoka, na kuna mzigo ulibaki juu ukingoja. Kumbuka nimesema tunabahatisha. Hakuna mtu anaona hizo oda kwa simu yake. Tunaona tu nyayo, na nyayo kubwa ni vile bei iliondoka.

Ndio maana zoni huchorwa kutoka mahali bei iliondoka kwa nguvu, haichorwi kila mahali iligusa. Tafuta mishumaa michache midogo, mmoja hadi mitano hivi, bei ikiwa imetulia, halafu mshumaa mkubwa ama kadhaa ikatoka pale bila kuangalia nyuma. Kwa dimandi, mstari wa chini unaweka kwa ncha ya utambi wa chini kabisa, na wa juu unaweka pale miili ya ile mishumaa midogo inaishia. Kama bei ilitoka pole pole, ikitembea hatua moja mbele na nusu nyuma, hakuna oda nyingi ziliachwa hapo. Kila mtu alipata muda wa kununua akashiba.

Sasa fungua chati ya XAUUSD, weka D1, ambayo ni mshumaa mmoja kwa siku, halafu rudi nyuma mpaka 2020. Mwanzo wa Juni mwaka huo dhahabu ilishuka karibu dola 1,670 kwa aunsi. Kutoka hapo ilipanda, ikapumzika kiasi, halafu ikapaa mpaka kupita 2,070 Agosti. Hiyo ni dola 400 kwa miezi miwili. Chora zoni yako kama 1,670 hadi 1,690 na uiache hapo.

Bei ilirudi mara ya kwanza Machi 2021. Tarehe 8 iligusa karibu 1,676, na mwisho wa mwezi ikagusa tena karibu hapo hapo. Zoni ilikuwa mbichi bado. Dhahabu ilitoka ikafika kama 1,916 mwanzo wa Juni, dola 240 hivi.

Agosti 9, 2021 ilirudi, na hii ilikuwa noma. Ilikuwa usiku wa manane saa zetu, Jumapili kuamkia Jumatatu, soko likiwa na watu wachache, na bei ikaanguka kwa dakika chache mpaka karibu 1,690, kwa mabroka wengine chini ya hapo. Ikadunda, na mwanzo wa Septemba ilikuwa imefika 1,834 hivi. Dola 140. (Baadaye ilipaa tena kupita 2,000 wakati Urusi ilivamia Ukraine, lakini hiyo ni habari ya vita, usiipatie zoni sifa isiyo yake.)

Mwaka 2022 benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, dola ikapata nguvu, na dhahabu ikaanza kushuka. Julai 21 ilifika 1,680. Ikadunda mpaka 1,807 Agosti, dola 127 hivi. Septemba mosi ikarudi 1,688. Safari hii ilijikokota mpaka 1,735 tu, dola 47, ikachoka.

Hebu zipange: 400, 240, 140, 127, 47. Ni kama mpira unadunda kwa sakafu. Angalia pia muda. Kati ya Agosti 2021 na Julai 2022 zoni ilipumzika miezi kumi na moja. Kati ya Julai na Septemba ilipumzika wiki sita. Halafu ikapumzika wiki mbili tu, na Septemba 15 bei ikafunga siku chini ya 1,670. Kufika Septemba 28 ilikuwa 1,614 hivi.

Yule msee wa "imetesti mara nne" angenunua kwa 1,690 akiwa na imani kubwa kuliko siku zote, na ni siku ambayo kulikuwa na oda chache kuliko siku zote. Chini ya zoni pia kulikuwa na kitu kingine. Wengi walionunua pale tangu 2020 huenda waliweka stopu zao chini kidogo ya 1,670, yaani oda ya kuuza yenyewe bei ikifika hapo. Kila dundo lilileta wanunuzi wapya, na stopu zao zikarundikana mahali pamoja. Zoni ikivunjika zote zinalipuka. Hao ndio wale wenye stoo ya mahindi.

Kwa hivyo ukiona dundo zinafupika na bei inarudi haraka haraka, hizo ndizo dalili mbili za kuamini. Mimi naipa uzito ile ya dundo zaidi. Muda unaweza kukudanganya, kwa sababu soko likiwa na habari nyingi kila kitu kinaenda haraka. Ya tatu ni vile bei inakaa ndani ya zoni. Zoni yenye nguvu hutema bei mara moja, unaona utambi mrefu na mshumaa umefunga juu. Zoni iliyochoka huwa bei inaingia, inakaa humo siku mbili tatu kama mgeni aliyeletewa chai.

Na ikishavunjika usiishikilie kama picha ya ukutani. Wengi hufunzwa kwamba dimandi ikivunjwa inageuka saplai papo hapo. Mwanzo wa Oktoba 2022 dhahabu ilipanda mpaka karibu 1,730, ikapita kwa ile 1,670 hadi 1,690 kama haipo. Aliyeuza pale akiamini imegeuka aliumia.

Twende kwa ganji sasa, maana hapa ndio fii ya kozi huishia. Loti 0.01 ya dhahabu ni aunsi moja, kwa hivyo kila dola bei ikisonga, unapata ama unapoteza dola moja. Ukinunua 1,690 na stopu iko 1,665, hiyo ni dola 25. Kama akaunti yako ni dola 100, yaani kama thao kumi na tatu dola ikiwa karibu shilingi 130, tredi moja tu imebeba robo ya akaunti, na hiyo ni kwa loti ndogo kabisa ambayo mabroka wengi hukubali. Ukiweka 0.05 ndio uonekane mkubwa, stopu yako ni dola 125. Akaunti inaisha kabla stopu haijafikiwa. Zoni za D1 ni pana sana kwa akaunti ndogo. Mbogi nyingi hazisemi hivyo, hukwambia tu "ingia hapa."

Kwa zoni mbichi unaweza kuamua hiyo dola 25 ina maana, kwa sababu dundo la kwanza lilikuwa zaidi ya 200. Kwa ile ya Septemba mosi, ulikuwa unaweka 25 kutafuta 47, na hizo 47 ungezipata tu kama uliuza juu kabisa, kitu ambacho hakuna mtu hufanya.

Lakini usitoke hapa ukidhani kuhesabu hodi ni dawa. Shuka kidogo kwa hiyo hiyo chati. Septemba 28, 2022 dhahabu iligusa 1,614 ikadunda kama dola 115. Oktoba 21 ikagusa 1,617, ikadunda chini ya 60. Novemba 3 ikarudi tena 1,616 hivi. Dalili ni zile zile, dundo zinafupika na hii ni mara ya tatu, kwa hivyo kwa hesabu yetu ingefaa kuvunjika. Kesho yake ikapanda zaidi ya dola 40 kwa siku moja. Novemba 10 takwimu za bei za Marekani zikatoka chini ya vile watu walitarajia, ikaruka tena mpaka karibu 1,755. Aliyeuza Novemba 3 kwa sababu "zoni imechoka" na hakuweka stopu hajawahi kuona 1,616 tena mpaka leo.